Ubeti Niliokuwa Nikiuruka: Kumsoma Mwana Kupona Mbele ya Mabinti Zetu

Mama mmoja alinijia baada ya darsa ya wanawake, akakaa pembeni mpaka wenziwe wakaondoka. Binti yake alikuwa amechumbiwa, na harusi ilikuwa imebaki wiki chache. Akaniuliza: "Sheikh, mimi nilisomewa utendi wa Mwana Kupona nilipokuwa mwari, na mamangu alisomewa vile vile. Sasa binti yangu ameusoma shuleni, na ananiambia hataki hata kuusikia. Ati ni utendi wa kumfanya mwanamke mtumwa. Je, nimsomee au niuache?"

Nilitaka kumjibu papo hapo kwamba vijana wa leo hawajui thamani ya vitu. Ulimi ukasita, kwa sababu nilikumbuka jambo lililotokea katika darsa hiyo hiyo miezi kadhaa kabla yake. Siku ile tulikuwa tukiusoma utendi huo, na kwa kawaida yangu nilikuwa nikifika mahali fulani naruka ubeti mmoja, naenda mbele kama kwamba haupo. Bibi mmoja mtu mzima, anayeujua utendi wote kwa moyo, akanisimamisha. Akasema: "Umeruka, mwanangu. Huo ulioruka ndio unaotuhusu sisi." Kisha akanyamaza, na darsa yote ikanyamaza.

Kwa hiyo nilimwomba yule mama anipe muda. Makala haya ni jibu nililompa, nikiwa nimelirefusha kidogo kwa ajili ya wasomaji wetu, maana naamini swali lake liko katika nyumba nyingi.

Mwana Kupona binti Mshamu alikuwa mwanamke wa kisiwa cha Pate, katika visiwa vya Lamu. Mumewe alikuwa Bwana Mataka, mtawala wa mji wa Siu, ambaye kwa miaka mingi alikataa kuwa chini ya Seyyid Said wa Zanzibar. Bwana Mataka alifariki mwaka 1856. Miaka miwili baadaye, mwaka 1858, mjane wake akiwa mgonjwa wa muda mrefu alitunga utendi wa usia kwa binti yake, Mwana Hashima. Yeye mwenyewe hakuishi sana baada ya hapo. Utendi ulinakiliwa kwa mkono kwa hati ya Kiarabu, ukapita nyumba kwa nyumba, mpaka Alice Werner na William Hichens walipouchapisha kama kitabu mwaka 1934.

Tuyashike hayo machache kabla hatujaendelea. Huyu ni mama anayejua kwamba anakufa. Baba wa mtoto hayupo. Mji wao una maadui, na katika miaka ya 1860 Siu ilikuja kushindwa na majeshi ya Sultan Majid. Hana jeshi wala hazina ya kumwachia binti. Alicho nacho ni maneno, na anamwambia mtoto alete wino na karatasi. Wapo wanaodhani kwamba mwanamke wa zamani wa pwani hakujua kalamu. Utendi huu unaanza kwa wino, na msomi wake ni mwanamke, naye mwandikiwa ni mwanamke. Na mtungaji hakuishia kwa binti yake peke yake. Anawaita wanawake wengine nao wausome na wauelewe.

Mengi aliyousia hayana ugomvi na mtu. Ashike dini, awe na adabu, ulimi wake uwe mwema, asiwe mtu wa maneno ya upuuzi, nyumba iwe safi, ajipambe, ajifukize udi, avae asumini. Sehemu kubwa ya mwisho ni dua, na dua yenyewe ni ya mtu aliye katika maumivu. Mwenye kuusoma utendi huu wote kwa sauti, kwa mahadhi yake, hawezi kufika kwenye dua ile bila moyo kulainika.

Lakini katikati yake pana jambo zito. Mwana Kupona anamfundisha binti yake kwamba mja anahitaji radhi tano ili apate raha ya duniani na ya akhera: ya Mwenyezi Mungu, ya Mtume wake, ya baba, ya mama, na ya tano ya mume. Mpaka hapo mtu anaweza kusema ni mafunzo ya kawaida. Kisha anakwenda mbali zaidi. Anasema kwamba siku ya kufufuliwa mwanamke atakuwa chini ya hukumu ya mumewe: mume ataulizwa anataka nini, na akitaka mke aende peponi atapelekwa, akisema aende motoni hana budi atatiwa. Na hapa duniani, mume akisema neno mke asimjibu; ajitahidi kunyamaza.

Nitasema ukweli kuhusu mimi mwenyewe. Zamani, nilipokuwa bado kijana katika kazi hii ya kusuluhisha watu, alinijia mwanamke ambaye mumewe alikuwa hampi masurufu na akimtukana mbele ya watoto. Nilimsikiliza nusu. Kisha nikamsomea beti hizo za radhi, kwa sauti nzuri, nikajiona nimemtibu. Akainuka, akanishukuru, akaenda zake. Hakurudi tena kwangu, na nilikuja kusikia kwamba hakwenda kwa sheikh mwingine yeyote, hata mambo yalipozidi. Sikumpa hukumu ya sharia, ambayo ingemwambia kwamba masurufu ni haki yake na kwamba kadhi anaweza kumlazimisha mume kuitoa. Nilimpa shairi mahali pa hukumu.

Hilo ndilo kosa la kwanza tunalolifanya na vitabu vya aina hii, na wanaume tunalifanya zaidi. Tunauchukua usia wa mama kwa mwanawe, tunaufanya hoja ya mume kwa mkewe. Mwana Kupona hakumwandikia Bwana Mataka. Hata hivyo siwezi kuishia hapo nikasema kwamba kosa ni la wasomaji tu, kwa sababu ubeti wa moto na pepo ni wake mwenyewe.

Basi tuupime. Ipo hadithi aliyoipokea Tirmidhi, kutoka kwa Ummu Salama, kwamba mwanamke anayekufa hali ya kuwa mumewe yuko radhi naye ataingia peponi. Wanazuoni wamezungumza juu ya nguvu ya mapokezi yake, na wapo walioihesabu kuwa dhaifu. Lakini hata kwa anayeikubali, hadithi hiyo inatoa bishara kwa mke mwema. Haimpi mume ufunguo wa moto. Tofauti kati ya maneno haya mawili si ndogo. Sura ya Al-Infitar inamalizika kwa kutueleza kwamba siku hiyo nafsi haitaweza kuifanyia nafsi nyingine chochote, na amri yote itakuwa ya Mwenyezi Mungu. Mume naye siku hiyo ni mja anayesubiri hesabu yake.

Na kama mtu anataka mfano, Qur'ani yenyewe imeutoa, katika Sura ya At-Tahrim. Wake wa Nabii Nuhu na Nabii Lut waliishi chini ya waume wema, na wema wa waume hao haukuwafaa kitu. Mke wa Firauni, ambaye tunamjua kwa jina la Asiya, aliishi chini ya dhalimu, akamwomba Mola wake amjengee nyumba peponi na amwokoe na Firauni na vitendo vyake. Huyu amefanywa mfano kwa walioamini wote, wanaume kwa wanawake. Lau radhi ya mume ndiyo mizani ya akhera, Asiya angekuwa wa kwanza kuangamia. Kwa hiyo ninaposoma ubeti ule mbele ya wanawake, nasema wazi: hapa bibi yetu amekosea. Hilo si suala la kwamba zama zimebadilika. Maneno haya hayakuwa sahihi hata mwaka 1858, na Msahafu uliokuwa nyumbani mwake ulikuwa unasema kinyume chake.

Wako wahakiki waliojaribu kumtetea kwa njia nyingine. Wanaona katika utendi kicheko kilichofichwa. Wanatuonyesha kwamba Mwana Kupona anamwambia binti amtunze mume kama mtoto mchanga asiyejua kusema, na anapolala asimwamshe, na wanauliza: je, huyu ni bwana wa nyumba au ni mtoto wa kulelewa? Wanadai kwamba chini ya maneno ya utiifu kuna mafunzo ya siri ya jinsi mke anavyoweza kutawala nyumba huku mume akidhani anatawala yeye.

Sikatai kwamba tabasamu ipo. Msomee mwanamke yeyote wa Lamu mahali pale pa mume na mtoto, uangalie uso wake. Lakini nina wasiwasi na utetezi huu. Mama aliye kitandani, anayelia na kumwomba Mola wake, simwoni akimfanyia mtoto wake fumbo juu ya moto wa Jahannamu. Tukisema alikuwa anatania, tumejiondolea taabu ya kumkosoa, na papo hapo tumemvunjia heshima, kwa kuwa tumeukataa ukweli wa aliyoyasema. Afadhali nimchukue kwa neno lake kisha nihitilafiane naye.

Kuna kitu kingine ndani ya utendi ambacho mimi nakiona kizito kuliko tabasamu ile. Mwana Kupona anasimulia ndoa yake mwenyewe. Anasema baba yake Hashima alimwoa kwa furaha na kicheko, na kwamba siku zote walizokaa pamoja hawakuondoleana mbeko, yaani hakuna aliyemvunjia mwenziwe heshima. Mauti yalipomjia mume, alirudia kumwambia kwamba yuko radhi naye. Na tangu siku hiyo mjane hajaacha kukumbuka mazoea yao. Angalia basi: anaposimulia, heshima inatoka pande mbili. Anapousia, inadaiwa upande mmoja. Ndoa aliyoiishi ni pana kuliko sheria anayoiandika. Binti akisomewa sheria peke yake bila simulizi, amenyimwa nusu iliyo bora. Na utendi hausemi neno hata moja juu ya mke ambaye mumewe si kama Bwana Mataka. Pale palikuwa kimya, na kwenye kimya kile ndiko nilikompeleka yule mwanamke aliyekuja kwangu na shida ya masurufu.

Sasa nirudi kwenye ubeti niliokuwa nikiuruka. Mwana Kupona anamwonya binti yake asichanganyike na watumwa isipokuwa wakati wa kazi, kwa sababu watamvuta kwenye mambo yasiyofaa. Ni ubeti mmoja tu, mfupi, na unapita haraka. Ndiyo maana ni rahisi kuuruka. Watetezi wa utendi hawautaji, na wengi wanaoushambulia kwa ajili ya wanawake nao hawautaji.

Watumwa wale ni nani? Ndio waliokuwa wakiteka maji, wakitwanga, wakipika, wakilea. Wengi wao asili yao ni watu walioletwa kutoka bara, kutoka pande za Nyasa na kwingineko kusini, na watoto wao wakazaliwa hapa hapa wakasilimu, wakasema lugha yetu, wakaswali katika safu zetu. Katika ule ubeti hawana majina. Wao ni hatari ya kuambukiza tabia, basi. Mtu ambaye pengine alimbeba Hashima mgongoni hatajwi kwa wema wala kwa shukrani.

Na hapa mambo mawili yanayotuudhi katika utendi huu yanageuka kuwa moja. Mwana Kupona anamwambia binti, atokapo nje, asiifunue shiraa. Wasomaji vijana huenda hawaijui shiraa. Ilikuwa ni nguo pana inayotandwa kama hema, na mwanamke wa kiungwana alitembea ndani yake njiani huku nguo hiyo imeshikiliwa na watumwa. Stara ya bibi ilibebwa kwa mikono ya vijakazi, ambao wao wenyewe walitembea bila stara hiyo, kwa kuwa stara ilikuwa alama ya uungwana. Binti anafungiwa ndani ya nguo, na aliye nje ya nguo anafungwa kwa kuibeba. Utumwa ulipopigwa marufuku kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907, karibu miaka 50 baada ya utendi huu, buibui lilikuja kuenea kwa wanawake wa tabaka zote, na waliokuwa watumwa au watoto wa watumwa walilivaa kwa fahari. Wajukuu zao leo hawajui kwamba nguo ile iliwahi kuwa dai la usawa.

Tunapoona haya kuusoma ubeti huo, huwa tunajiambia kwamba ni mambo yaliyokwisha. Yamekwisha wapi? Mimi hukaa katika vikao vya posa. Kijana ni mcha Mungu, ana kazi, anaswali, lakini mtu mzima mmoja anainama na kunong'ona kwamba asili yake haijulikani. Kila mtu anaelewa. Posa inakataliwa kwa jina la kufu. Na nikiri pia kwamba vitabu vya fiqhi tulivyosomeshwa madrasani vina mlango wa kufu unaohesabu nasaba na uhuru, kwa hiyo ugonjwa huu hauko kwa Mwana Kupona peke yake. Lakini vitabu vya hadithi navyo vinatueleza, katika Sahihi Muslim, kwamba Fatima bint Qays, mwanamke wa Kikureshi, alikuja kwa Mtume, rehema na amani zimshukie, baada ya kuposwa na Muawiya na Abu Jahm, na Mtume akamwelekeza aolewe na Usama, mtoto wa Zayd aliyekuwa mtumwa akaachwa huru. Mwanzoni hakupenda. Kisha akaolewa naye, akasema mwenyewe kwamba Mwenyezi Mungu aliweka kheri humo.

Je, tuseme Mwana Kupona alikuwa mtu wa zama zake? Ni kweli, lakini neno hili hutumika kufunga mazungumzo mapema mno. Watumwa wa Pate nao walikuwa watu wa zama zile zile, na bila shaka walikuwa na maoni yao juu ya kutengwa. Sisi tumebaki na maoni ya upande ulioshika kalamu. Kwangu mimi, kusoma ubeti ule kwa uadilifu ni kukumbuka kwamba ndani ya chumba kile alichokuwa akitungia, pengine mlangoni, palikuwa na mtu wa tatu anayesikia.

Nilimjibu yule mama hivi. Msomee binti yako, lakini usimsomee mafungu uliyoyachagua. Anzeni kwenye wino na karatasi, ajue mwandishi ni nani na alikuwa katika hali gani. Someni simulizi ya ndoa kabla ya beti za radhi, ingawa utendi haukupangwa hivyo, kisha mrudi kwenye mpangilio wake. Mkifika kwenye ubeti wa moto na pepo, fungueni Sura ya At-Tahrim msome kuhusu mke wa Firauni. Mkifika kwenye ubeti wa watumwa, usiuruke kama mimi. Usome, na umwambie unalolijua kuhusu nyumba yenu, mlikuwa upande gani. Na dua ya mwisho msome mkiwa mmetulia. Kama baada ya hapo bado anasema hautaki, ana haki yake, maana atakuwa anaukataa utendi wenyewe, si habari alizozisikia juu yake.

Aliniambia baadaye kwamba walikaa siku tatu usiku, baada ya Isha, pamoja na shangazi wawili. Ubeti wa radhi uliwachukua usiku mzima wa pili, kwa sababu shangazi mmoja hakukubaliana na mimi na alisema hivyo bila kuogopa. Kwenye ubeti wa watumwa, yule mama alimweleza binti jambo ambalo hakuwahi kumwambia: kwamba bibi mzaa babu yake aliletwa Lamu kwa jahazi akiwa mtoto. Binti akauliza jina lake. Hawakulijua. Wamekubaliana kwenda kumuuliza mzee mmoja wa ukoo aliyebaki, kabla ya harusi ikiwezekana, kwa kuwa hali yake si nzuri.

Nami katika darsa nimemwomba yule bibi aliyenisimamisha ausome yeye ubeti ule kila tunapoufikia. Huusoma kwa mahadhi yale yale, wala hapunguzi sauti.